Kibandiko cha Friji na Ukubwa wa Betri

Familia moja ya hapa Mombasa imetuletea picha za vibandiko vya vyombo vyake vya umeme, pamoja na makadirio ya muuzaji wa sola. Muuzaji amewaambia kwamba hawawezi kupitisha usiku bila betri mbili za lithiamu za volti 24, kila moja ya ampea-saa 150. Mama wa nyumba anauliza iwapo mbili hizo ni za lazima. Betri ni miongoni mwa vitu vya bei kubwa katika mfumo wa sola, kwa hivyo tumeonelea tulijibu swali lake hapa, ili kila mwenye simu yenye kamera apige hesabu yake kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, picha zenyewe. Kibandiko cha friji aghalabu huwa ndani, ubavuni karibu na droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa. Cha runinga kiko mgongoni, na cha feni ya dari kiko juu ya mota. Zima chombo na uchomoe plagi kabla ya kukisogeza. Feni ya dari izimiwe kwenye swichi kuu. Usitumie mwanga wa kamera, kwa kuwa kibandiko cha bati hung'aa na kufuta maandishi. Simama upande kidogo. Chumvi ya hewa yetu hula vibandiko, na nukta ndogo ndiyo hupotea kwanza, hata 0.9 A ikasomeka 9 A. Ukitilia shaka, zidisha ampea kwa volti 240. Ampea 9 zitakupa wati zaidi ya 2,000, nazo hizo ni za pasi au birika. Friji ya nyumbani haifiki huko.

Sasa tutazame friji ya familia hii. Kibandiko chasema 220-240 V~ na 0.9 A. Muuzaji alizidisha 240 kwa 0.9 akapata wati 216, kisha akahesabu kana kwamba friji hula wati hizo kila saa, usiku kucha. Hapo ndipo hesabu ilipopotoka. Namba ya kibandiko ni kiwango cha juu ambacho chombo kinaweza kuvuta. Si wastani wa matumizi yake. Kompresa huwaka, hupoza, kisha hupumzika, na ukisikiliza utaisikia ikinyamaza. Pasi nayo huwaka na kuzima vivyo hivyo inapofikia joto lake. Feni na taa, kinyume chake, huvuta karibu kiwango kimoja muda wote zinapowashwa, na kibandiko chao chaweza kuaminiwa.

Matumizi halisi ya friji huulizwa mita. Familia ilichagua siku ya kwenda arusini, ikazima kila kitu isipokuwa friji, ikasoma mita ya tokeni saa mbili asubuhi na tena saa kumi alasiri. Katika saa nane zilitoka uniti 0.4. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hivyo friji ilikula wati-saa 400, yaani wastani wa 50 kwa saa. Hiyo ni chini ya robo ya ile 216. Mlango ulikuwa umefungwa siku ile, kama unavyokuwa usiku. Siku za kawaida, watoto wakiufungua mara kwa mara, matumizi ya mchana huzidi.

Kosa kama hilo hujificha katika chaja ya ruta ya waifai. Mstari wa INPUT ulisema 0.5 A kwa volti 240, jambo ambalo lingetoa wati 120. Mstari wa kusoma ni wa OUTPUT: 12 V, 1 A, yaani wati 12 tu. Chaja yenyewe hupoteza kidogo juu ya hapo.

Tukusanye usiku wa nyumba hii, tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi, ambazo ni saa 14. Friji ni 50 mara 14, sawa na wati-saa 700. Feni mbili za wati 60 kwa saa nane ni 960. Runinga ya wati 80 kwa saa nne ni 320. Taa tano za wati 9 kwa saa tano ni 225. Ruta kwa saa 14 ni 168. Jumla ni 2,373.

Betri haitoi yote iliyo nayo, na inveta hula sehemu yake. Gawanya jumla kwa 0.85 kwa ajili ya inveta, utapata kama 2,800. Kisha gawanya kwa 0.8, kwa kuwa ni busara kuiachia betri ya lithiamu sehemu ya tano ya chaji yake. Sasa ni kama wati-saa 3,500. Betri moja ya lithiamu ya "volti 24" kwa hakika ni volti 25.6, zidisha kwa 150, utapata 3,840. Betri moja yatosha. Kwa hesabu ya muuzaji, friji peke yake ingekula 3,024 usiku, na mahitaji yangefika karibu 6,900. Ndiyo sababu aliandika mbili. Na kama ungechagua betri za asidi, ambazo hazifai kushushwa zaidi ya nusu, ungehitaji nne za volti 12 na ampea-saa 150.

Gharama ya mwezi hutoka katika namba hizo hizo. Chukua risiti yako ya tokeni, gawanya shilingi ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Familia hii ililipa shilingi 600 kwa uniti 20, yaani shilingi 30 kwa uniti. Friji kwa siku 30 ni uniti 36, sawa na shilingi 1,080 au zaidi kidogo. Feni mbili za usiku ni karibu uniti 29, kama shilingi 865. Wengi hulaumu friji, ilhali feni zaifuata kwa karibu.

Mambo mawili yabaki akilini. La kwanza, wati za kibandiko, ambazo hazikufaa kupimia betri, ndizo za kuchagulia inveta. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta kwa nukta chache mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Ikiwa inveta hulia au kuzima kila friji inapowaka, wakati betri imejaa, dogo ni inveta. Kuongeza betri hakutasaidia. Pasi ya wati 2,000 ipigwe mchana kwa umeme wa kawaida.

La pili, hesabu hii ni ya usiku mmoja uliotanguliwa na mchana wenye jua. Wakati wa masika, mawingu yakitanda siku mbili mfululizo, paneli huenda zisiijaze betri. Hapo hupunguzwa saa za runinga na feni moja, au umeme wa kawaida ukaijaza. Tazama asilimia ya betri saa mbili asubuhi kwa wiki nzima: ikiwa hubaki karibu 20 baada ya mchana wa jua, imetosha bila kuzidi, ikishuka chini ya hapo kila mara, kuna chombo ambacho hamkukipiga picha.