Barua ya Kiboko: msianze kwa kuomba mnara

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Kiboko, kule Makueni, alinitumia picha za barua ambayo wanakijiji wanataka kuipeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Ukurasa mmoja wa malalamiko, kurasa tatu za majina na sahihi. Aliniomba nimsahihishie Kiswahili tu. Kiswahili hakikuwa na neno. Lakini nilipomaliza kusoma nilijiuliza: ningekuwa mimi ndiye mhandisi aliyeketi pale Waiyaki Way, na barua hii imetua mezani kwangu, ningefanya nini nayo? Jibu ni kwamba ningeipeleka kwa kampuni ya simu, kampuni ingejibu kuwa inafanya uchunguzi, na faili ingefungwa.

Barua ilisema hivi kwa ufupi: kwa miezi mingi mtandao ni mbaya, tunateseka, tunaomba mnara mpya.

Sisi tunaoandika programu tunaijua barua ya namna hii. Mteja anapiga simu anasema "haifanyi kazi". Haifanyi nini? Wapi? Tangu lini? Kwa watu wote au kwako tu? Bila majibu ya maswali hayo hakuna cha kurekebisha, hata mtu awe na moyo mzuri kiasi gani. Na Kiboko kuna sababu ya pekee ya kuwa makini kwa hili.

Angalia ramani. Kiboko iko kati ya Emali na Makindu, juu kabisa ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Mamlaka inapopima ubora wa huduma, njia moja kuu inayotumia ni gari lenye vifaa vya kupimia, linalopita barabarani huku simu zake zikipiga na kukata zenyewe. Matokeo yanajumlishwa, kisha kampuni inaangaliwa kama imefikisha alama ya asilimia 80. Sasa gari linapita kwenye lami. Na minara mingi ya upande huo imesimamishwa kufuata lami, maana ndiko waliko wasafiri na maduka. Wewe ondoka barabarani kilomita nne tano, shuka upande wa mto ambako watu wanamwagilia nyanya na mboga, weka kilima kimoja kati yako na mnara, halafu jaribu kumpigia dalali wa Nairobi. Ripoti inaweza kusema kaunti imepita, na mkulima wa mtoni akawa hapati simu, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Wastani ndivyo ulivyo.

Kwa hiyo kazi ya barua ni kumpelekea mdhibiti kitu ambacho gari lake halikukiona. Kulia peke yake hakutoshi.

Kwanza, "mtandao mbaya" ni magonjwa matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni mawimbi kutofika. Mahali fulani panakuwa pabaya asubuhi, mchana na usiku, siku zote, na ukipanda juu ya kichuguu hali inabadilika. La pili ni msongamano. Vijiti vya simu vimejaa, saa kumi na moja alfajiri intaneti inakimbia, lakini saa mbili usiku hata ujumbe wa M-Pesa unachelewa. Mawimbi yapo, nafasi ndiyo haipo. La tatu ni umeme. Stima ikipotea kijijini, mnara unategemea betri, na kwingine jenereta. Betri zikichoka au zikiibwa, saa moja au mbili baada ya giza vijiti vinazimika kwa kila mtu kwa mpigo, na vinarudi stima ikirudi. Ugonjwa huu wa tatu mnara mpya hauuponyi hata kidogo. Utakuwa na minara miwili iliyokufa badala ya mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo rasimu ililigusa na kulipita mbio, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Walisema zamani simu zilikuwa zinashika vizuri. Jamani, kilima hakikusogea! Mto haukusogea. Kama huduma ilikuwa nzuri ikaharibika kuanzia mwezi fulani, basi kuna kitu kilichobadilika kwenye mnara: antena imeinamishwa upya, kifaa kimekufa upande mmoja, masafa yamehamishwa kutoka teknolojia moja kwenda nyingine, au wateja wameongezeka na vifaa vimebaki vilevile. Kampuni ina kumbukumbu za haya yote. Swali "nini kilibadilika kwenye mnara huu mwezi huo?" lina jibu, na anayelijibu ni mtu mwenye faili mkononi. Ombi la mnara linajibiwa kwa neno "bajeti".

Sasa kupima. Huhitaji gari. Kwenye simu nyingi za Android ingia `Settings`, kisha `About phone`, kisha `SIM status`. Utaona `Signal strength` na namba hasi yenye dBm. Achana na vijiti, kila mtengenezaji anavichora apendavyo. Namba haina maringo. Kwa 4G, karibu na -85 ni nzuri, -100 ni dhaifu, na ukifika -115 simu iko ukingoni. Kumbuka kila hatua ya 10 ni mara kumi: mwenye -115 anapokea nguvu ndogo mara elfu moja kuliko mwenye -85. Usilinganishe namba ya 2G na ya 4G, maana hazipimwi kwa namna moja. Andika aina ya mtandao kila mara.

Tuseme basi wamechagua sehemu tatu: sokoni kando ya lami, shuleni, na ng'ambo ya mto. Watu kumi, kila mmoja anapiga simu moja ya dakika mbili mara tatu kwa siku, alfajiri, mchana na saa mbili usiku, kwa siku 14. Wapige kwa mtu aliye mjini ambako mtandao ni mzima, ili hitilafu isiwe ya upande wa pili. Mwenye kabambe naye anashiriki. Hataona dBm, lakini simu kupita au kukatika ataiona. Daftari la shule linatosha, na baadaye kijana mmoja anaingiza kwenye faili kama hili (hizi ni namba za mfano tu):

```
siku,saa,mahali,aina,dBm,stima,simu
3,05:00,soko,4G,-84,ndiyo,imepita
3,20:00,soko,4G,-84,ndiyo,imekatika
3,20:00,mtoni,4G,-116,ndiyo,haikupita
5,20:00,shule,hakuna,,hapana,haikupita
```

Ukisoma mistari hiyo minne tayari magonjwa yameanza kujitenga. Sokoni mawimbi ni yaleyale alfajiri na usiku, ila simu ya usiku imekatika: huo unanukia msongamano. Mtoni ni -116, na kama mchana na alfajiri ni hivyohivyo, mawimbi hayafiki. Shuleni mtandao umekufa siku ambayo stima haikuwapo. Mstari mmoja ni bahati mbaya tu. Lakini watu kumi mara tatu kwa siku 14 ni simu 420. Katika ripoti za Mamlaka, kipimo kilichotumika kwa miaka mingi ni kwamba simu zinazokatika zisizidi asilimia 2. Kwenye simu 420 hizo ni kama nane. Daftari likionyesha sitini, hakuna mhandisi atakayesema ni bahati mbaya. Na likionyesha saba? Basi tatizo lenu siyo simu kukatika, na ni heri mjue kabla ya kupiga muhuri.

Kosa ambalo huharibu ushahidi wa namna hii ni watu kuandika siku mbaya tu. Siku nzuri nazo ziandikwe! Daftari lisilo na simu hata moja iliyopita halitaaminika. Pia wajaribu laini za kampuni tofauti mahali palepale. Zikifa zote pamoja, huenda kampuni zinatumia mnara mmoja au umeme mmoja. Ikifa moja, mnajua wa kumwandikia.

Kuhusu karatasi zenyewe. Mamlaka hutaka mlalamikaji aanze kwa kampuni yake. Kwa hiyo mlalamike kwa kampuni kwanza, mpate namba ya malalamiko, mwiandike kwenye barua pamoja na tarehe. Bila hiyo barua yenu itarudishwa mlikoanzia. Kisha muende kwa Mamlaka, ambayo ina mlango wake wa wateja uitwao Chukua Hatua. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaokubalika, kwa hiyo msiandike kama mnaomba msaada.

Ningeongeza barua ya pili, fupi, siku hiyohiyo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu mwananchi kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, kwa hiyo hamhitaji kumtafuta mwalimu awatafsirie :-) Taasisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja, siku zisizozidi 14. Ombeni mambo mawili: matokeo ya vipimo vya Makueni pamoja na njia ambazo gari la vipimo lilipita, na kama kata ndogo yenu imo kwenye mipango ya Hazina ya Huduma kwa Wote, ule mfuko ambao kampuni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao.

Hili la Hazina msilitegemee sana. Utafiti wa 2016 ulihesabu kata ndogo 164 zisizo na mtandao kabisa, na fedha zikaanza kuelekezwa huko. Kata ndogo iliyoguswa na lami na minara yake huhesabiwa kuwa na mtandao hata kama nusu ya nyumba hazipati. Kiboko huenda ikaonekana tajiri kwenye jedwali. Ndiyo maana napendelea ombi la kwanza liwe kipimo: Mamlaka itume watu wapime kwenye sehemu hizi tatu, kwa saa hizi, na kampuni ieleze kilichobadilika tangu mwezi uliotajwa na akiba ya umeme ya mnara inadumu saa ngapi. Mnara uje baadaye, kama kipimo cha mtoni kitauhitaji.

Na zile kurasa tatu za sahihi zibaki, ila kando ya kila jina pawe na mahali mtu anapoishi na laini anayotumia. Pelekeni nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani, kwa sababu mkija kukata rufaa kwa Tume ya Haki za Kiutawala kuhusu taarifa, au kwa mahakama maalumu ya rufaa za mawasiliano, muhuri huo ndio utakaoonyesha barua yenu ilipokelewa lini.