Saa tisa usiku si 9 p.m.: ujumbe wa kutangaza mtoto amezaliwa

Mtahiniwa, swali la ujumbe mfupi huwa linaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi hulifanya mwishoni kwa haraka. Unaambiwa dada yako amejifungua, uwaandikie ndugu walioko nje ya nchi kwa Kiingereza, kwa maneno yasiyozidi 30. Maoni yangu ni kwamba ujumbe huu hauharibiwi na msamiati mgumu. Unaharibiwa na saa. Pia unaharibiwa na kile kiambishi kidogo tunachokitumia kwa mwanamume na mwanamke bila kubagua.

Nitakueleza yaliyotupata nyumbani. Dada yangu, ambaye hapa nitamwita Amina, alijifungua mtoto wa kike mwezi Juni 2024. Shangazi yetu anaishi Maskati, na binamu wengine wako Toronto. Watoto wa shangazi wanasoma Kiarabu na Kiingereza. Kiswahili chao ni cha kusalimiana tu. Kwa hiyo kundi la familia kwenye simu huandikiwa Kiingereza ili wote waelewe. Kazi ya kuandika alipewa mdogo wetu wa mwisho, wakati huo akiwa kidato cha nne kama wewe. Akaandika hivi:

```
I am very happy to inform you that sister Amina has born a baby at 9.15 on Tuesday night. He weighs 3.2 kg.
```

Maskati wakashangilia mtoto wa kiume. Simu ikapigwa, shangazi akauliza kijana ataitwa nani, mama akacheka na kumrekebisha. Kosa hilo likaisha siku ileile. Kosa la pili hakuna aliyeliona, na nitalirudia baadaye.

Tuanze na lile la kwanza. Katika Kiswahili, "amezaliwa" na "ana kilo tatu" havisemi kama ni msichana au mvulana. Kiingereza kinakulazimisha uchague kati ya `he` na `she`, na mtu aliyezoea lugha yetu huandika lolote linalomjia kwanza. Dawa yake ni kutaja jinsia kwa nomino mapema, `girl` au `boy`, halafu kila kiwakilishi kinachofuata ukilinganishe na nomino hiyo. Ila uwe macho. Niliwahi kusahihisha karatasi iliyosema mama na mtoto wako salama, kisha ikaendelea `She weighs 3.2 kg`. Aliyepimwa hapo ni nani? Andika `The baby` na ubishi umekwisha.

Kitenzi nacho kina mtego wake. Sisi tuna vitenzi viwili: mama anajifungua, mtoto anazaliwa. Kiingereza nacho kinatenganisha. Mama `gave birth to`, mtoto `was born`. Mdogo wangu alivichanganya akapata `has born`, jambo lisilokuwepo. Hata angeandika `has given birth`, bado angekosea, kwa sababu alitaja saa na siku. Ukishataja wakati maalumu uliopita, Kiingereza hakikubali `has`. Kinataka wakati uliopita wa kawaida, yaani `gave`. Kwetu "amejifungua saa tisa" haimshtui mtu yeyote, ndiyo maana kosa hili linapita bila mwandishi kulihisi.

Sasa saa, ambayo ndiyo kiini cha habari hii. Amina alijifungua saa tisa na robo usiku, usiku wa kuamkia Jumatano. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama, lakini za Kiingereza zinaanza usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Saa tisa ya usiku ukiipunguzia sita unapata tatu: `3.15 a.m.` Mdogo wangu aliitafsiri tisa kuwa `9` na usiku kuwa `night`, kila neno kwa neno lake, na mtoto akarudishwa nyuma saa sita nzima.

Na siku ikageuka pia. Kwa fikra zetu, saa tisa usiku bado ni usiku. Hakujakucha, na familia ilikuwa hospitalini tangu Jumanne jioni. Basi akaandika Jumanne. Kwa Kiingereza siku mpya huanza saa sita kamili ya usiku. Kuanzia hapo, saa saba ya usiku, saa nane, saa tisa, zote ni za siku inayofuata. Kila unapoona "usiku wa kuamkia" katika swali, simama ujiulize tukio lilikuwa kabla ya saa sita au baada yake. Hapa lilikuwa baada, kwa hiyo ni Jumatano, tarehe 12 Juni 2024. Katika maisha ya kawaida simu yako inaweza kukusaidia, maana kioo chake usiku huo kilionyesha 03:15 pamoja na tarehe mpya. Kwenye chumba cha mtihani hutakuwa nayo, kwa hiyo zoea kuondoa sita.

Kwa ndugu wa mbali kuna jambo moja zaidi. Mtoto alipozaliwa, Maskati ilikuwa saa kumi na robo alfajiri ya Jumatano, lakini Toronto ilikuwa bado saa mbili na robo usiku, Jumanne, tarehe 11. Mtu wa Toronto akisoma saa bila kuambiwa ni ya wapi, hana njia ya kujua. Maneno mawili, `Tanzania time`, yanatosha. Mwezi nao uandike kwa jina. Tarehe ya tarakimu tupu, 12/06, kuna nchi ambako itasomwa kuwa 6 Desemba.

Huu hapa ujumbe ambao ningeupa alama zote:

```
Amina gave birth to a girl at 3.15 a.m. Tanzania time on Wednesday, 12 June 2024. Mother and daughter are both well. The baby weighs 3.2 kg. Name to follow.
```

Uhesabu, ukichukua kila tarakimu kuwa neno moja: ni maneno 30. Angalia kilichoachwa. Ile furaha ya kuwajulisha ilimla mdogo wangu maneno manane kabla hajasema lolote. Baadhi ya walimu wenzangu wanaona ujumbe usio na salamu ni utovu wa adabu kwa shangazi. Katika barua ningekubaliana nao. Katika maneno 30 naona adabu ni kumwambia upesi kile ambacho kila shangazi huuliza kwanza: mama yu mzima? Ndiyo maana hali yao nimeiweka mbele ya kilo, na ndiyo sentensi ambayo mdogo wangu hakuiandika kabisa. Jina halikuwa limetolewa bado, basi nimesema litafuata, ili simu zisipigwe kuuliza.

Nilisema kosa la pili halikuonekana. Lilionekana miezi minne baadaye, mgeni alipotoka Maskati na kifurushi. Ndani mlikuwa na bangili ndogo ya dhahabu, imechongwa jina la mtoto na tarehe: 11 Juni 2024. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema 12. Hakuna aliyethubutu kumwambia shangazi, na kila tarehe 11 anapiga simu kumtakia mtoto heri, nasi tunaitikia.