Mjomba, plau na mvua ya Kibaigwa

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Kibaigwa, wilayani Kongwa, kumsalimia mjomba. Wengi wenu Kibaigwa mnaijua kwa dirisha la basi la Dodoma, pale kwenye soko la mahindi. Mjomba ana ekari 3 za mahindi na kila mwaka hulima kwa plau la ng'ombe. Nilipomaliza kuamkia tu, akanibana: "Wewe msomi, hebu niambie. Bwana shamba anasema niache plau. Niache?"

Nilitaka kujibu haraka haraka kama sisi watu wa mjini tunavyopenda. Bahati nzuri alinipeleka shambani kwanza. Tulichimba shimo refu kiasi cha kiwiko, karibu na mabua yaliyobaki. Sentimita 15 za juu udongo ulikuwa laini. Chini yake jembe likagonga gamba gumu, na mizizi ya mahindi ilikuwa imefika hapo ikakata kona, ikatambaa ubavu. Hilo gamba ni kazi ya plau lenyewe, likipita kina kile kile miaka nenda rudi, na kwato za ng'ombe zikishindilia. Mvua ikikatika wiki tatu, mahindi yananyauka wakati unyevu upo chini ya gamba.

Halafu kuna suala la muda. Plau linasubiri mvua ilainishe ardhi. Mjomba hana ng'ombe wake, kwa hiyo anapanga foleni. Mvua za kwanza za Desemba zinapita yeye bado anasubiri zamu. Mahali ambapo msimu ni mmoja tu kwa mwaka, hizo siku haziji tena.

Sasa msinielewe vibaya. Kuacha plau peke yake si dawa. Wagogo wana utaratibu wa zamani uitwao kuberega: unafyeka na kusafisha shamba, unapanda bila kulima. Unawahi mvua, sawa, lakini kwenye udongo uliokauka na kufunga juu, maji yanateleza yanakwenda korongoni. Hesabu ni rahisi: mvua ya milimita 20 kwenye ekari moja ni kama lita 80,000. Ikikimbia robo tu, umepoteza lita 20,000. Ardhi ya Kongwa haina mzaha. Waulizeni Waingereza, walioleta matrekta yao ya karanga mwaka 1947 na kufunga virago 1951, ukame na udongo mgumu vikiwa miongoni mwa yaliyowashinda.

Kilimo hifadhi kinachofaa hapa ni kuvunja lile gamba kwenye mstari wa kupandia tu. Mwenye ng'ombe anaweza kutumia ripa, jino la chuma linalopasua mfereji bila kugeuza udongo. Asiye nao anachimba mashimo kiangazi: urefu sentimita 30, upana 15, kina 20, mstari hadi mstari 90, shimo hadi shimo 70. Anatia viganja viwili vya samadi na kurudishia udongo nusu, ili shimo libaki kama kibakuli cha maji. Mvua ya kwanza nzito ikinyesha, anapanda kesho yake.

Ubaya wake? Ekari moja ni mashimo kama 6,400. Ukichimba 200 kwa siku, ni siku 32 za jasho. Pili, magugu. Plau huyafukia, ukiliacha yanashangilia, na anayepalilia ni mkaza mjomba. Yeye hakuulizwa na bwana shamba. Tatu, mabua yanatakiwa yabaki yafunike ardhi, lakini baada ya mavuno ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia kula. Bila kufunika, faida ya kuacha plau inapungua sana. Na mwaka wa mvua nyingi mashimo yanaweza kutuamisha maji na mahindi yakageuka njano.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: "Mjomba, usiache plau ekari zote 3. Chukua nusu ekari iliyo karibu na nyumba, ambako unaweza kufukuza ng'ombe. Chimba mashimo 3,200 kuanzia baada ya mavuno, kidogo kidogo. Palilia mara tatu, na wewe ushike jembe. Kwingine lima kama kawaida, halafu pima magunia."

Mkaza mjomba alicheka pale kwenye "ushike jembe". Mjomba akakohoa, akasema atafikiria.

Maoni yangu ndiyo hayo. Anayemwambia mkulima aache plau bila kumwambia habari ya magugu na mabua, amemwambia nusu tu ya habari. Nyie mnaonaje, hasa mliokulia Dodoma na Singida?