Neno "Huenda" Katika Karatasi ya Zahanati

Wengi wetu hudhani kwamba mtu akijua Kiingereza na Kiswahili, basi aweza kufasiri chochote. Nami nilidhani hivyo, mpaka mkuu wa zahanati moja hapa Mombasa aliponiletea maelezo ya kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Alitaka yawekwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani.

Nilifanya kazi siku mbili, nikaridhika. Yule bibi alipoisoma aliweka kidole juu ya sentensi moja, akaniuliza, "Mwalimu, hapa wasema nini?"

Nilikuwa nimeandika: "Chombo huenda kisitoe kipimo sahihi kwa mgonjwa aliyevuta kaboni monoksaidi." Kiingereza chake kilikuwa hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Huenda kisitoe, na huenda kikatoa," akasema. "Basi muuguzi akiona 98 atamshukuru Mungu, na mgonjwa atamrudisha nyumbani."

Hapo nikanyamaza. Chombo hiki hupitisha kidoleni nuru za aina mbili, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, kisha hukadiria oksijeni kwa jinsi damu inavyozimeza. Damu iliyoshika kaboni monoksaidi huimeza ile nuru nyekundu karibu sawa na damu iliyojaa oksijeni. Kwa hiyo chombo hakikosei huku na huku. Hukosea upande mmoja, nao ni ule wa kutuliza moyo. Mtu aliyelala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, akaamka kichwa chamuuma na anatapika, aweza kuonyesha 98 na huku mwili wake wakosa oksijeni.

Tukaandika upya: "Usikitegemee chombo hiki kwa mtu aliyevuta moshi au hewa ya makaa. Kitaonyesha namba nzuri hata kama hali yake ni mbaya." Daktari wao akaongeza chini yake kwamba mtu huyo atolewe penye hewa safi, apewe oksijeni kwa barakoa bila kungoja namba, kisha apelekwe hospitali yenye kipimo cha damu kinachoweza kuitambua kaboni monoksaidi.

Jambo la pili lilikuwa vichwa vya habari. Kiingereza kilikuwa na vitatu mbalimbali, nami vyote nilivitia katika neno "tahadhari". Hilo ni kosa. Cha kwanza chataja mahali au mtu ambaye chombo kisitumiwe kwake kabisa, kama vile chumba cha ile mashine ya sumaku ya kupigia picha za mwili. Hayo ni makatazo. Cha pili ni onyo la hatari iwezayo kumfika mgonjwa, na cha tatu ni tahadhari ya kawaida. Sisi watu wa pwani, tunaoijua tofauti ya haramu na makruhu, hatuna udhuru wa kuyachanganya.

La tatu lilinichekesha, kisha likanitia haya. Karatasi ilionya juu ya rangi ya kucha, nami nikaandika "rangi ya kucha". Yule bibi akaniuliza ni wanawake wangapi wa mtaa wake wapakao rangi hiyo, na ni wangapi waendao harusini na hina na piko. Hina nyekundu kwa kawaida haina shida kubwa. Lakini hina iliyokozwa ikawa nyeusi, na piko, zaweza kuizuia nuru, chombo kikakataa kusoma au kikatoa namba ya uongo. Dawa yake ni kutafuta kidole kisichopakwa. Akiwa ni bibi harusi aliyepakwa vyote, muuguzi amhesabie pumzi na kumtazama midomo, asimwamini mashine.

Lakini neno "piko" halimo katika karatasi ya mtengenezaji, na mfasiri hana ruhusa ya kumtilia mtu maneno kinywani. Tulilitenga chini ya mstari, tukaandika: "Nyongeza ya zahanati", na daktari akaitia sahihi.

Kwa maoni yangu, karatasi ya namna hii isibandikwe mpaka ifanyiwe mambo mawili. Kwanza, mtu mwingine ambaye hakuuona ule Kiingereza airudishe kutoka Kiswahili, ndipo pengo lionekane. "Huenda" yangu ingepita mtihani huo salama, kwani ingerudi vile vile ilivyotoka. Ndiyo maana lipo la pili: muuguzi atakayeitumia aisome mbele ya mfasiri, kisha aulizwe, "Ukiona hivi, utafanya nini?" Jibu lake ndilo tafsiri yenyewe. Likiwa na makosa, kosa si lake, ni letu tulioandika.