Likizo ya uzazi haifuti siku za likizo ya mwaka

Mhariri,

Baada ya likizo ya uzazi niliamua kuacha kazi ili nimlee mwanangu. Nilitoa notisi ya mwezi mmoja, mwajiri akaipokea bila neno. Ugomvi ulikuja kwenye hesabu za mwisho.

Mwaka wangu wa likizo ulianza Januari, nami niliondoka mwisho wa Agosti. Afisa wa rasilimali watu alitoa ile miezi mitatu ya uzazi, akahesabu mitano tu. Hilo si haki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 29, inasema wazi kwamba mwanamke hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alikwenda likizo ya uzazi. Kiwango cha chini ni siku 1.75 kwa kila mwezi, kwa hiyo miezi minane ni siku 14, wala si 8.75. Kwa mshahara wa shilingi 52,000 ukigawanywa kwa siku 26, nilikuwa napunjwa shilingi 10,500, fedha za kumtunza mtoto.

Kuhusu malipo ya utumishi, nilielezwa kwamba mwanachama wa NSSF hayapati kwa mujibu wa sheria hiyo, isipokuwa mkataba wake useme vingine. Hilo nalikubali, michango yangu ingali yangu.

Kina mama wenzangu, msitie sahihi hati ya kumaliza madai kabla ya kuonyeshwa hesabu ya likizo kwa maandishi, mwezi kwa mwezi.

Mama Mchanga,
Mombasa