Njia rahisi ya ziwani ina kikomo chake

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha kuhusu shehena za Ziwa Victoria. Aliandika kwamba njia ya ziwani ni rahisi kuliko barabara, hivyo mizigo yote iendayo Kampala ipitie Kisumu. Nilimrudishia nikiwa nimepigia mstari neno moja tu: rahisi. Neno hili lina maana mbili, bei nafuu na wepesi wa kutenda, na kosa lake lilianzia hapo.

Wanahisabati wa usafirishaji huzitenganisha maana hizo. Kila mkondo baina ya vituo viwili huupa namba mbili: gharama ya tani moja, na kikomo cha tani zinazoweza kupita. Kisha hutafuta mgawanyo wa shehena wenye jumla ndogo kabisa ya gharama, pasipo kuvuka kikomo chochote.

Natuchukue mfano, namba zikiwa zangu mwenyewe. Tani 1,000 za magunia zatoka Nakuru kila wiki kwenda Kampala. Kupitia Kisumu na meli hadi Port Bell, tani moja hugharimu shilingi 4,000. Kwa barabara ya Malaba, 6,000. Barabara hupokea zote. Meli huchukua tani 700 kwa wiki, lakini ghala la bandarini hupitisha 500 tu. Ghala nalo lahesabiwa kuwa mkondo, wenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Basi 500 zitapita ziwani, 500 barabarani, na gharama ni shilingi milioni 5.

Je, tununue meli ya pili? Haitapunguza hata senti, kwa kuwa meli ya kwanza tayari ina nafasi tupu. Lakini kila tani moja inayoongezwa ghalani huokoa shilingi 2,000, ile tofauti ya njia mbili. Ghala likifika 700, gharama hushuka hadi milioni 4.6, hapo meli ndiyo inayobana, na kupanua ghala zaidi ni kazi bure.

(Msomaji atanikumbusha MV Uhuru, iliyoanza kazi mwaka 1966, ambayo mabehewa huingia ndani yake moja kwa moja kutoka relini. Kweli, ghala huepukwa. Lakini mabehewa nayo husubiri mahali, na mahali hapo pana kikomo.)

Ugumu hasa uko katika wastani. Magugumaji yakiziba Ghuba ya Winam siku tatu, kikomo cha meli siku hizo ni sufuri, ingawa hesabu ya wiki bado yaonyesha 700. Dalili yake huonekana langoni: malori yamepanga foleni ilhali karatasi zadai nafasi ipo. Dawa ni kuigawa wiki kwa siku. Ghala la Jumatatu liwe kituo kimoja, la Jumanne kingine, na magunia yanayolala usiku yawe mkondo baina yao, wenye gharama na kikomo chake.

Mwanafunzi ameichukua insha yake akaiandike upya. Nimemwomba aanze na ghala.