"Naitaka Nyumba Yangu, Naingia Mwenyewe"

Enyi wenye nyumba wa Ganjoni, nanyi wapangaji mnaokaa kwenye fleti kongwe za upande wa Mbaraki na Kizingo, leo nina neno nanyi nyote. Siku hizi mwenye nyumba akisema, "Naitaka nyumba yangu, naingia mwenyewe," mpangaji huanza kufunga vyombo usiku huohuo, kana kwamba kadhi amekwisha kata shauri. Hajakata. Hayo ni madai, na anayedai hutakiwa athibitishe.

Kwanza ujue unakaa chini ya sheria gani. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, sura ya 296, huzilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Najua mtacheka: nyumba ya kodi hiyo Ganjoni iko wapi? Lakini kodi ya kisheria si lazima iwe ile unayolipa leo. Kama nyumba ilikuwa na mpangaji tarehe 1 Januari 1981, kipimo ni kodi ya siku ile, mpaka baraza la kodi liamue vingine. Basi fleti iliyokodishwa kwa shilingi 900 wakati ule, kisha ikapandishwa kidogo kidogo kwa maneno ya ngazini, huenda bado imo ndani ya ulinzi na wenyewe wanaokaa humo hawajui. Ndiyo maana nawausia wazee msizitupe risiti za zamani.

Katika nyumba ya namna hiyo, mwenyewe hawezi kumtoa mpangaji bila amri. Sharti aende barazani aonyeshe kwamba anaihitaji kwa haki iwe makao yake, ya mkewe na watoto wake wadogo, au ya mtu atakayekaa naye kweli. Baraza nalo hutazama kama mpangaji anayo makao mengine yanayolingana kwa kodi na kwa kufaa. Hata hoja ikisimama, amri haitolewi mpaka ionekane ni jambo la busara kuitoa. Na ikija kujulikana baadaye kwamba alidanganya, kwa mfano hakuingia hata siku moja bali alipaka rangi akamweka mpangaji wa kodi kubwa, baraza laweza kumwamuru amlipe fidia yule aliyemtoa.

Sasa nisiwadanganye. Wengi wenu mnalipa 20,000 na zaidi, na nyumba zenu, zisizo na kodi ya zamani ya kuzikinga, hazimo katika sura ya 296. Kwenu ninyi mwenyewe halazimiki kueleza anaitakia nini nyumba yake. Mimi naona hilo ni pengo, lakini ndivyo lilivyo. Kinga yenu ni mkataba na notisi. Mkataba wa miaka miwili usio na kifungu cha kuuvunja mapema hauvunjwi kwa sababu mwana wa mwenye nyumba anarudi kutoka Maskati. Na kwa mkataba wa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka notisi isiyopungua muda wa kodi, nayo iishie siku ambayo kodi hulipwa.

Maneno hayo ya mwisho wengi huyaruka, na ndiyo yenye uzito. Tuseme unalipa kila tarehe 5, na mkataba haukusema lingine. Tarehe 12 Machi unapata ujumbe wa simu: "Mwisho wa mwezi utoke." Ujumbe huo haufai. Mwezi kamili toka tarehe 12 Machi wafika 12 Aprili, na siku ya kodi inayofuata ni tarehe 5 Mei. Kwa hiyo notisi haiwezi kuisha kabla ya siku hiyo. Mwenyewe aliyekosea tarehe arudie upya. Kodi lakini endelea kuilipa, kwa njia yenye ushahidi, maana deni la kodi humpa sababu ambayo hakuwa nayo.

Na notisi ikiisha mpangaji asitoke? Hapo mwenyewe aende kortini. Asing'oe milango bawabani, asikate maji, asibadilishe kufuli mtu akiwa kazini. Kwa nyumba za sura ya 296, kumsumbua mpangaji ili achoke ahame ni kosa la jinai.

Mwenye nyumba, kama kweli waitaka ukae, andika kwenye karatasi, weka tarehe iliyo sawa, na umwambie mapema kabla watoto wake hawajaanza muhula. Nawe mpangaji, ufunguo usiutoe kwa sababu ya ujumbe wa simu. Toa mkataba kabatini leo, usome kifungu cha notisi.